Usimwambie Mteja Atulie: Mfundishe Mhudumu, Kisha Mpe Ruhusa

Ukinunua simu katika mji wa Kisii, kuna uwezekano mkubwa ukutani umeona karatasi inayosema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kwa vijana wengi wanaouza dukani, karatasi hiyo ndiyo mafunzo pekee waliyowahi kupewa kuhusu mteja mwenye hasira. Mtu anaingia akiwaka, kijana anainua kidole na kuonyesha ukuta. Baada ya hapo ni kelele, watu wanasimama mlangoni kutazama sinema ya bure, na mdosi anapigiwa simu aje haraka.

Wadosi wengi wakiamua kurekebisha hii stori, wanawaambia vijana wao wawe na heshima, watabasamu, waseme pole. Mimi nasema hiyo ni nusu ya kazi, tena nusu ndogo. Mhudumu aliyefundishwa maneno matamu lakini hana ruhusa ya kutoa hata chaja ya shilingi 450 amefundishwa tu jinsi ya kutukanwa kwa adabu. Mteja anagundua haraka sana kwamba anazungumza na mtu asiyeweza kumsaidia, na hapo ndipo sauti inapanda zaidi.

Tuchukue kisa kimoja tukifuate hadi mwisho. Mama ametoka Nyamira, amepanda matatu hadi Kisii. Siku nne zilizopita alinunua simu ya shilingi 9,500 ya binti yake aliyeko chuoni. Simu imeacha kuchaji. Hana risiti, ila ana ujumbe wa M-Pesa. Nyuma ya kaunta kuna kijana wa miaka 22 ambaye leo yuko peke yake, mdosi ameenda kuchukua mzigo.

Kwanza, tuelewe kwa nini kijana huyu anakimbilia ukuta. Mara nyingi hana roho mbaya. Anaogopa kwamba akibadilisha kitu, kitakatwa kwenye mshahara wake. Hofu hiyo ndiyo mwalimu wake wa kweli, na hakuna mafunzo ya nusu saa yatakayoishinda kama mdosi hajaiondoa. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa uharibifu ambao mfanyakazi amefanya kwa makusudi. Chaja iliyotoka kiwandani ikiwa mbovu si makusudi ya kijana wa kaunta. Kwa hivyo hatua ya kwanza ya mafunzo ni mdosi aseme mbele ya wote, na aandike: mhudumu anaweza kutoa au kubadilisha kitu cha hadi kiasi fulani bila kuuliza, na hakitakatwa kwa mtu. Kiasi kinategemea duka. Kwa duka la simu, shilingi 500 zinatosha kumaliza kesi za chaja, waya, spika za masikio na kioo cha kulinda skrini. Juu ya hapo, mhudumu anajua atampigia nani na jibu litatoka lini.

Na ile karatasi ya ukutani? Haina nguvu ambayo watu wanadhani inayo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 nayo inachukulia kwamba kila anayeuza ameahidi ubora huo, hata kama hakutamka. Tangazo halifuti hilo. Mteja aliyebadilisha tu mawazo kuhusu rangi ya simu ni kesi nyingine. Lakini ukimwonyesha karatasi mtu aliyeuziwa chaja mbovu, unamwambia jambo lisilo kweli, na siku hizi kuna watoto wake watakaomweleza hivyo jioni hiyo hiyo.

Mazoezi ya dakika ishirini

Haya mafunzo hayahitaji ukumbi wala mgeni kutoka Nairobi. Yanafanywa kabla ya kufungua duka, watu watatu wakiwa kaunta ile ile wanayofanyia kazi. Mmoja ni mteja, mmoja ni mhudumu, wa tatu anatazama tu akiwa na karatasi. Mtazamaji anaandika mambo mawili: neno lililomfanya mteja apunguze sauti, na neno lililomfanya aipandishe. Kila zamu ni dakika nne au tano, halafu wanabadilishana. Mdosi naye lazima acheze mteja mara moja na mhudumu mara moja. Akikataa, vijana wataelewa kwamba ni adhabu yao.

Hapa kuna maigizo mafupi mnayoweza kuanza nayo.

MTEJA: Wewe kijana! Hii ni simu gani mliniuzia? Nimetoka Nyamira na nauli yangu, simu haichaji! Nyinyi ni wezi!

MHUDUMU: (anaweka simu yake chini, anasimama) Karibu, mama. Nakusikiliza. Niambie ilivyokuwa.

MTEJA: Nilinunua Ijumaa hapa hapa, elfu tisa na mia tano. Jumapili ikakataa kuchaji. Msichana wangu amerudi chuoni bila simu!

MHUDUMU: Kwa hivyo ulinunua Ijumaa, ikachaji siku mbili, Jumapili ikakataa. Na leo imebidi ulipe nauli tena. Pole, mama. Hiyo inakasirisha.

MTEJA: Sitaki pole! Nataka pesa zangu.

MHUDUMU: Nimekusikia. Kuna kitu ninachoweza kufanya mwenyewe saa hii, na kuna kile ambacho lazima mwenye duka aamue. Nipe dakika tano tuiangalie pamoja hapa mezani, ukiona kila kitu. Halafu nikuambie wazi tumefika wapi.

(Anajaribu chaja ya duka kwenye simu, kisha anajaribu chaja ya mteja kwenye simu nyingine.)

MHUDUMU: Umeona, mama? Kwa chaja yetu inachaji. Chaja yako haichaji hata simu hii nyingine. Kilichoharibika ni chaja. Nakupa mpya sasa hivi, hulipi kitu.

MTEJA: Na ikikataa tena nifike nyumbani?

MHUDUMU: Kesho saa nne asubuhi nitakupigia mimi mwenyewe kuuliza. Ikiwa imekataa, mwenye duka atakuwa anajua tayari, na hutakuja hapa kuanza kujieleza upya. Nakutumia ujumbe sasa wenye jina langu na tulichokubaliana.

Maigizo ni hayo tu. Sasa angalia yaliyofanyika ndani yake.

Mhudumu hakusema "tulia". Neno hilo lipigwe marufuku dukani, pamoja na ndugu zake "usipige kelele" na "sikiliza kwanza". Mtu mwenye hasira akiambiwa atulie, anasikia kwamba shida sasa ni yeye, si simu. Pia mhudumu hakujibu lile neno "wezi". Akijitetea hapo, mazungumzo yanahama kutoka kwa chaja hadi kwa heshima yake, na hayarudi.

Alichofanya ni kurudia habari ya mama kwa ufupi: Ijumaa, siku mbili, Jumapili, nauli. Hii ndiyo hatua ambayo vijana wengi wanairuka kwenye mazoezi kwa sababu inaonekana kama kupoteza wakati. Ila mtu anapaaza sauti kwa kuwa anaamini hajasikika. Akisikia maneno yake yakirudi sawasawa, sababu ya kupaaza inapungua. Na kutaja nauli si kujipendekeza. Kwa mama wa Nyamira, nauli ni sehemu ya hasara, na huenda ndiyo inayomuuma kuliko chaja.

Jambo la tatu ni kwamba mhudumu alitenganisha anachoweza yeye na asichoweza. Hakuahidi pesa, na hakusema haiwezekani. Halafu alifanya majaribio mbele ya macho ya mteja. Ukichukua simu ukaingia nayo chumba cha nyuma, ukarudi ukisema "ni chaja", mteja ana haki ya kushuku kwamba umebadilisha kitu.

Wazo la kufanya mazoezi kabla ya hasira kufika si letu peke yetu. Kampuni ya kahawa ya Starbucks huko Marekani iliwafundisha wahudumu wake hatua tano: msikilize mteja, kubali malalamiko yake, chukua hatua, mshukuru, mweleze kilichosababisha. Waliyarudia kwa maigizo mpaka yakawa mazoea, kwa sababu wakati mtu anakufokea, akili haipati nafasi ya kubuni. Angalia mpangilio wenyewe: maelezo yanakuja mwisho. Kwetu dukani tunaanza na maelezo, na hapo ndipo tunapochoma picha.

Fanyeni pia zamu ya "hapana"

Mazoezi mengi yanaharibika kwa sababu mteja wa kuigiza huwa ana haki kila mara. Kaunta ya kweli haiko hivyo. Kwa hivyo zamu ya pili ichezwe na simu iliyoingia maji, pale ambapo mhudumu lazima akatae.

Katika simu nyingi kuna kibandiko kidogo ndani, mara nyingi karibu na sehemu ya laini, ambacho hugeuka rangi kuwa chekundu unyevu ukikifikia. Mhudumu akikiona, asiseme "uliangusha simu kwa maji". Hajui. Huenda ni mvuke wa jikoni, au simu ilinyeshewa mfukoni, na mvua ya Kisii tunaijua. Aseme alichokiona: "Mama, tazama hapa. Kibandiko hiki huwa cheupe, sasa ni chekundu, kumaanisha unyevu umeingia. Waranti haishughulikii unyevu, kwa hivyo sitaweza kukubadilishia. Ninachoweza ni kukuelekeza kwa kituo cha huduma cha kampuni, ama fundi aiangalie na akuambie bei kabla ya kufungua. Unaonelea tufuate gani?"

"Hapana" nzuri ina sehemu tatu: sababu inayoonekana kwa macho, jibu lisilozungushwa, na njia mbili zilizobaki. Kitu kibaya zaidi ni "wacha tuone" wakati unajua hakuna kitakachoonekana. Mama atalipa nauli mara ya pili kusikia hapana ile ile, na safari hiyo atakuja na ndugu zake.

Na yule asiye na risiti? Ujumbe wake wa M-Pesa una tarehe, kiasi na jina la aliyelipwa, basi hilo ni thibitisho la kuanzia. Kisha mhudumu anabonyeza *#06# kwenye simu, namba ya IMEI inatokea kwenye skrini, analinganisha na ya kwenye boksi au kwenye daftari la mauzo. Zikitofautiana, bado asimwite mtu mwongo. Nyumba moja inaweza kuwa na simu mbili za aina moja. "Mama, namba hizi hazifanani, hebu tuangalie pamoja" inatosha, na aliyekuja kujaribu bahati yake ataondoka mwenyewe bila vita.

Lugha nayo ni dawa au petroli

Hapa kwetu kuna jambo ambalo kitabu cha Marekani hakitakuambia. Mteja wa Gusii mara nyingi huanza kwa Kiswahili, hasira ikipanda anahamia Ekegusii. Mhudumu anayeijua amfuate huko. Salamu ya "bwakire buya" iliyotolewa taratibu kwa mama mzee inafanya kazi ambayo "karibu mteja" haifanyi. Na kama umetoka kaunti nyingine, jua kwamba kwa Ekegusii "baba" ni mama na "tata" ndiye baba. Usishangae mzee akizungumza, ukacheka mahali pasipo pa kucheka.

Lakini mji wa Kisii unahudumia watu wa Oyugis, Rongo, Kilgoris na Sotik pia, na Keroka iko mpakani kabisa, nusu Kisii nusu Nyamira. Mteja ambaye hasikii Ekegusii akiona wahudumu wawili wameanza kunong'ona kwa lugha hiyo huku wakitazama simu yake, ataamini wanampangia. Hata kama mnasema tu "lete ile chaja nyingine". Kanuni iwe rahisi: mbele ya mteja mwenye hasira, lugha ni ile anayoisikia yeye, hadi atoke mlangoni.

Sheria za kufuatilia

Kilichomtuliza mama ni chaja, pamoja na ahadi ya kesho saa nne. Ahadi hiyo isipotimizwa, mazoezi yote yamekuwa uongo uliopangwa vizuri, na hasira ya pili ni kali kuliko ya kwanza. Kwa hivyo duka liwe na daftari moja la kawaida, na sheria tano zibandikwe mahali ile karatasi ya zamani ilipokuwa.

1. Ahadi iandikwe kabla mteja hajaondoka: jina, namba ya simu, shida, tulichoahidi, siku na saa, nani anahusika. Mteja atumiwe ujumbe wenye maneno yale yale akiwa bado kaunta.

2. Aliyeahidi ndiye anayepiga. Akiwa na siku ya mapumziko, anamwandikia mwenzake kwenye daftari, na mwenzake anatia sahihi. Mteja asilazimike kusimulia upya.

3. Saa ikifika, piga hata kama huna jibu. "Mama, mwenye duka bado hajarudi, nitakupigia tena saa tisa" ni bora kuliko kimya. Ukingoja hadi yeye apige, umeshashindwa.

4. Shida ikiisha, simu ya mwisho iwe na swali moja tu: inachaji? Usiuze kitu kwenye simu hiyo. Namba alikupa kwa sababu ya chaja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuruhusu uitumie kwa kazi nyingine, kama kumtumia matangazo, bila ridhaa yake.

5. Kila Ijumaa jioni mdosi na vijana wasome daftari pamoja kwa dakika kumi. Chaja ya aina moja ikirudi mara tatu, itolewe rafuni na irudishwe kwa aliyeileta. Daftari lisitumike kutafuta wa kukatwa mshahara. Likitumiwa hivyo mara moja tu, wiki inayofuata litakuwa tupu.

Utajuaje kwamba mambo yanabadilika? Usihesabu tabasamu. Hesabu ni mara ngapi mdosi ameitwa kaunta wiki hii ikilinganishwa na iliyopita, na ni ahadi ngapi zimepita saa yake bila kufungwa. Hizo namba mbili zinapatikana kwenye daftari lenyewe.

Kuna wadosi watakaosema watu watazoea vibaya, kila mtu ataleta chaja yake mbovu. Ni hoja ya maana, na ndiyo sababu ya majaribio ya mezani, namba ya IMEI na kiasi chenye mpaka. Bila hivyo vitatu hata mimi nisingemshauri mtu atoe chochote. Ukiwa navyo, hasara yako ya juu kwa kesi moja ni shilingi 500. Gharama ya mama anayesimulia kwenye matatu nzima kutoka Kisii hadi Nyamira jinsi alivyoonyeshwa kidole ukutani haina mpaka.

Na pia kuna hasira ambayo si kazi ya mhudumu kuituliza. Mtu akirusha mkono, akivuka kaunta, akikushika, au amelewa na anatisha, maigizo yanaishia hapo. Mhudumu arudi nyuma, kaunta ibaki katikati yao, aite mtu wa duka jirani na mlinzi. Mdosi aseme hivyo waziwazi siku ya mazoezi, na aseme kwamba hakuna bidhaa ambayo mtu anatakiwa kupigwa kwa ajili yake. Baada ya tukio kama hilo, au hata baada ya matusi tu, kijana apewe dakika tano atoke nje anywe maji. Asipopewa, hasira ya mteja wa kwanza ataimwagia mteja wa tatu ambaye alikuja tu kununua waya.

Wewe unayesoma hii ukiwa nyuma ya kaunta, huenda mdosi wako hatapenda wazo la daftari wala la kucheza mteja asubuhi. Basi anza na swali moja, umuulize leo kabla hajatoka kwenda kuchukua mzigo: mteja akija na kitu kibovu na wewe haupo, naruhusiwa kumpa nini bila kukupigia simu? Akikujibu kwa shilingi kamili, una mahali pa kuanzia. Akikuonyesha ukuta, angalau utajua kwa nini wateja wenu wanapiga kelele.